Ulinganisho: opsheni ya kawaida, ya kuzimika na ya dijitali kwa malipo ya dola 100,000

Vipuri_Gerezani
Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaagiza vipuri vya magari, na baada ya miezi 3 ninatakiwa kumlipa muuzaji wangu dola 100,000. Katika karatasi niliyopewa na afisa wa benki, dola imewekwa kwenye shilingi 2,600, na kuna kinga nne za kuchagua. Opsheni ya kawaida inanipa haki ya kununua dola kwa 2,625, na ada yake ni shilingi 52 kwa kila dola. Ya pili ina haki ileile, ila inazimika, yaani haki hiyo inafutwa, wakati wowote dola ikishuka hadi 2,560, na ada yake ni 33. Ya tatu inazimika dola ikipanda hadi 2,750, na ada ni 8.50 tu. Ya nne ni ya dijitali: kwa ada ya 24 ninalipwa shilingi 50 kwa kila dola ikiwa siku ya mwisho dola itakuwa juu ya 2,625. Ninaelekea kuchukua ya tatu, kwa sababu nitatoa shilingi 850,000 badala ya milioni 5.2. Je, kuna jambo sijaliona?

Kaka_Fowadi
Ndugu, chukua ya 8.50. Bei hizi hukokotolewa kwa kanuni, kwa hiyo kilicho rahisi si lazima kiwe kibovu. Unalipia tu nafasi ndogo zaidi ya kulipwa. Dola ikianza kusogelea 2,750, funga mkataba wa fowadi, yaani kukubaliana sasa bei ya kununua dola siku ya malipo, nawe utakuwa salama.

Hesabu_Posta
Kaka Fowadi yuko sahihi kwamba bei hizo ni za kanuni. Nimezikokotoa upya kwa kuchukulia riba ya shilingi asilimia 8, riba ya dola asilimia 4 na mtikisiko wa bei ya dola wa asilimia 10 kwa mwaka, nikapata karibu namba hizohizo. Lakini bei kuwa ya haki hakufanyi bidhaa iwe kinga, na hapo ndipo ninapotofautiana naye.

Itazame hivi. Opsheni inayozimika kwenye 2,750, ukiiongezea pacha wake anayewaka kwenye 2,750, yaani anayeanza kufanya kazi kiwango hicho kikiguswa, unapata opsheni ya kawaida kamili, kwa sababu kiwango hicho ama kitaguswa ama hakitaguswa. Ikiwa ya kawaida ni 52 na ya kuzimika ni 8.50, yule pacha ana thamani ya 43.50. Kwa maneno mengine, ukichukua ya tatu umeiuzia benki sehemu kubwa mno ya kinga yako, na sehemu uliyouza ni ile ya siku ambazo dola imepanda sana, yaani siku zilizokufanya utafute kinga tangu mwanzo.

Tuseme wiki ya sita dola inafika 2,749. Haki ya kununua kwa 2,625 ingekuwa na faida ya shilingi 124, lakini mkataba wako una thamani ndogo kwa sababu uko hatua moja kutoka kaburini. Inafika 2,750, unazimika. Sasa unanunua dola kwa 2,750 au zaidi, na ukilinganisha na 2,625 umeumia angalau shilingi milioni 12.5, ilhali ada uliyookoa ni milioni 4.35. Ushauri wa kufunga fowadi hausaidii hapo, maana fowadi ya siku hiyo itatokana na bei ya siku hiyo, nayo itakuwa juu ya 2,750. Kwa makisio yangu, nafasi ya kiwango hicho kuguswa ndani ya miezi 3 ni karibu 32 kati ya 100.

Kaka_Fowadi
Nakubali kuhusu fowadi. Nilikuwa nikifikiria kuifunga mapema, kwenye 2,680 kwa mfano.

Hesabu_Posta
Ukiifunga kwenye 2,680, kaka, umekubali kununua juu ya 2,680 wakati bado una mkataba wa 2,625 mkononi. Dola ikirudi chini utakuwa umefungwa na fowadi, na ikipanda mkataba wa 2,625 utazimika. Kuna jambo lingine: soko likianza kutikisika zaidi, opsheni ya kawaida hupanda thamani, lakini hii ya tatu hushuka, kwa kuwa mtikisiko huisogeza karibu na kifo chake.

Korosho_Nje
Mimi naona mnamtia hofu bure. Ninasafirisha korosho, na msimu uliopita nilikuwa na opsheni yenye kiwango cha kuzimika juu ya soko. Iliguswa, ikazimika, na sikupata hasara yoyote. Nilifurahi, hata.

Hesabu_Posta
Dada, wewe unapokea dola, na opsheni yako ilikuwa ya kuuza. Dola ilipopanda, kinga ilizimika wakati huihitaji tena, maana uliuza dola zako kwa bei nzuri zaidi. Ndugu wa Gerezani ananunua. Kwake, kiwango kinachofanana na chako ni kile cha chini, cha 2,560.

Vipuri_Gerezani
Kwa hiyo niende na ya pili?

Hesabu_Posta
Inawezekana, lakini uielewe. Kiwango cha 2,560 kiko karibu sana, na kwa makisio yangu kuna nafasi kama 7 kati ya 10 ya kuguswa. Punguzo la shilingi 19 linatoka hapo. Kikiguswa baada ya mwezi mmoja, fowadi ya miezi 2 iliyobaki itakuwa karibu 2,577. Ukiifunga siku hiyohiyo, gharama yako ni 2,577 na ada yako ya 33, yaani 2,610, chini ya 2,658 ambazo ungelipa kwa kutumia opsheni yenyewe. Anayeumia ni yule anayezimikiwa kisha akasubiri dola ishuke zaidi. Mwishoni mwa 2024 shilingi iliimarika kutoka karibu 2,700 hadi karibu 2,400 kwa dola, na miezi ya mwanzo ya 2025 dola ikarudi juu ya 2,600. Mwagizaji aliyebaki bila kinga katika bonde lile alikuwa wazi kabisa.

Mwanafunzi_Mlimani
Mbona hamjagusa ya dijitali? Shilingi 24 kulipwa 50 inaonekana nzuri, na haina cha kuzimika njiani.

Hesabu_Posta
Ni kweli, hutazama siku ya mwisho tu. Tatizo ni umbo la malipo yake. Dola ikiishia 2,626, ndugu yetu analipwa milioni 5 ilhali ameumia shilingi 1 kwa dola. Ikiishia 2,624 halipwi chochote. Ikiishia 2,900, ameumia 275 na bado analipwa 50. Deni lake linapanda pamoja na dola, lakini malipo hayo yamesimama palepale. Kwenye 2,675 tu ndipo viwili hivyo vinalingana.

Korosho_Nje
Nimeelewa kosa langu, asante. Ila nina swali ambalo benki yangu haikunijibu vizuri: walisema kiwango kiliguswa usiku, kwa bei ambayo sikuiona kwenye ubao wowote hapa mjini. Nani anaamua kwamba kimeguswa?

Hesabu_Posta
Mkataba ndio unaoamua, na mara nyingi huitaja benki yenyewe inayouza opsheni kuwa mpimaji. Ndugu wa Gerezani, omba kwa maandishi chanzo cha bei, saa za kupima, na kama kipimo ni cha kila wakati au mara moja kwa siku soko linapofungwa. Kipimo cha mara moja kwa siku hufanya opsheni ya kuzimika iwe ghali zaidi, kwa kuwa inakosa nafasi nyingi za kuguswa. Kwa jozi yenye miamala michache kama dola na shilingi, muamala mmoja wa usiku unaweza kugusa kiwango, na sijaona maneno ya mkataba yanayolimaliza tatizo hilo kabisa.

Vipuri_Gerezani
Nimeiacha ya tatu. Kesho nitauliza bei ya kuzimika kwenye 2,500 badala ya 2,560.

Hesabu_Posta
Nimeshaipigia hesabu: ni kama shilingi 49.50. Punguzo lake halifiki shilingi 3 kutoka ile ya kawaida, na kwa pesa hiyo mimi ningechukua ya kawaida.

Kaka_Fowadi
Mimi sasa ningechukua ya 2,560, mradi simu ya benki iwe karibu siku itakapoguswa.