Mrejesho: Δt na upana wa bosoni Z

Niliuliza: "Kama muda si opereta, Δt kwenye ΔE·Δt ≥ ħ/2 ni nini hasa?"

Wakuu, nimeelewa. Δt ni muda ambao mfumo unahitaji ili ubadilike kiasi cha kuonekana. Muda si opereta kwa sababu opereta ya muda ingeweza kuishusha nishati bila kikomo, ilhali mifumo halisi ina nishati ya chini kabisa. Hoja hiyo ni ya mwanafizikia Wolfgang Pauli.

Nikaijaribu kwa bosoni Z, chembe inayooza haraka sana. Upana wa kilele chake cha nishati kwenye nusu ya kimo, Γ, ni kama 2.5 GeV. Basi uhai wake wa wastani ni τ = ħ/Γ ≈ 2.6×10⁻²⁵ s. Hakuna saa ya kupima muda mfupi hivyo. Uhai wake tunausoma kwenye upana.

Angalizo: hapa ni "=", si "≥". Γ si ΔE ya kitakwimu, maana mkia wa umbo la Lorentz hufanya mtawanyiko huo usiwe na kikomo.