Naomba ushauri: tuiarifu kampuni ya bima sasa, au tusubiri uthibitisho wa maabara?

Kinu_Kimya (mwanzisha uzi):
Wadau, salamu. Ninasimamia ubora katika kiwanda kinachotengeneza siagi ya karanga. Maabara ya nje imetuletea majibu ya awali kwamba sampuli ya gramu 25 kutoka bechi moja inashukiwa kuwa na salmonela, na majibu ya uthibitisho bado hayajatoka. Sehemu ya bechi hiyo imo ghalani, nyingine imekwisha kwenda kwa wasambazaji. Tuna bima ya uchafuzi wa bidhaa. Mkurugenzi anaona kwamba kuwaarifu watu wa bima mapema ni kujipalia makaa, kwa kuwa majibu yakigeuka tutabaki na ada iliyopanda bure, nami naelekea kukubaliana naye. Je, kusubiri kuna ubaya gani?

Mama_Jamu:
Pole sana. Mimi nilipata kisa cha kipande cha kioo ndani ya chupa ya jamu. Sikumwarifu mtu yeyote, nilimbadilishia mteja chupa na yakaisha. Tafuteni kwanza karanga zilitoka kwa nani, maana wauzaji wa siku hizi hawaaminiki.

Dhima_Safi:
Msihangaike. Bima ya dhima ya kawaida inalipa mtu akiugua, na gharama za kurudisha mzigo zinaingia humo humo. Bima ya pili ni kupoteza fedha tu.

Karani_wa_Madai:
Ndugu Dhima_Safi, nusu ya kwanza ni sahihi, ya pili siyo. Bima nyingi za dhima hulipa madai ya aliyedhurika, lakini huondoa waziwazi gharama za kuitoa bidhaa sokoni: usafirishaji, uteketezaji, matangazo, bidhaa yenyewe. Ndiyo sababu bima ya uchafuzi huuzwa peke yake.

Kinu_Kimya, nimefanya kazi ya madai kwa muda mrefu, na swali lako haliwezi kujibiwa bila mambo mawili. Kwanza, kipengele cha taarifa katika hati yenu kinahesabu muda tangu mlipothibitisha, au tangu mlipojua au mlipokuwa na sababu ya kushuku? Pili, hati inaisha lini?

Kinu_Kimya:
Kinasema «mara tu itakapowezekana baada ya kugundua au kuwa na sababu ya msingi ya kushuku». Kuhusu tarehe, inaisha mwisho wa mwezi huu. Fomu ya kuhuisha iko mezani kwa mkurugenzi, na ina swali kama tunajua hali yoyote inayoweza kuzaa dai. Amejaza «hapana», ila hajaituma. Ninavyoona hajasema uongo, kwa sababu tulipeleka sampuli nyingine za bechi ileile na zote zilirudi safi. Kwa hiyo tunazo karatasi mbili zinazopingana.

Karani_wa_Madai:
Kumbe jambo lenyewe ni hilo. Karatasi hizo hazipingani. Salmonela katika chakula kikavu chenye mafuta haisambai sawasawa kama chumvi katika mchuzi; hukaa kwa mafungu. Mlipeleka sampuli ngapi?

Kinu_Kimya:
Tano.

Karani_wa_Madai:
Chukulia kwamba makopo 1 kati ya 100 yana vimelea. Sampuli tano kutoka makopo matano tofauti zitayakosa yote kwa takriban mara 95 kati ya 100. Majibu safi ya marudio, basi, hayafuti ya kwanza. Yanaonyesha tu kwamba safari ile hamkugusa fungu. Mthamini wa bima anaujua mchezo huo. Atakachouliza si kama mlikuwa na karatasi safi, bali ni kwa nini mliitafuta baada ya kupata chafu.

Fomu ya kuhuisha ni hatari zaidi kuliko kuchelewa. Uchelewaji huzua ubishi juu ya dai hili moja. Jibu la «hapana», ilhali majibu ya maabara yamo kwenye barua pepe yenye tarehe, linaweza kuipa kampuni ya bima sababu ya kuivunja hati mpya yote. Tena hati mpya kwa kawaida haichukui tukio lililojulikana kabla haijaanza. Mkisubiri, hati ya zamani itakuwa imefungwa na mpya itawakataa.

Sheria_Kidogo:
Kuna kampuni moja ya karanga, Peanut Corporation of America, iliyosafirisha bidhaa zenye salmonela huku ikijua, na mlipuko wa maradhi wa 2008 hadi 2009 ukafuata. Aliyekuwa mkuu wake alihukumiwa kifungo cha miaka 28 mwaka 2015. Mwambie mkurugenzi wako aisome kesi hiyo kabla ya kutia sahihi.

Mzee_wa_Shaka:
Mimi siuamini uzi huu. Msimamizi wa ubora wa kweli hawezi kuuliza watu mtandaoni jambo ambalo dalali wake wa bima angelijibu kwa simu moja. Tarehe ya kuhuisha imejitokeza kwa wakati mzuri mno, kama hadithi. Nadhani ni mwanafunzi anayetafuta majibu ya mtihani, au ni mtu wa kampuni ya bima anayetupima.

Mama_Jamu:
Hata mimi nimeanza kujiuliza.

Kinu_Kimya:
Dalali hupigiwa simu na mkurugenzi, si na mimi. Ndiyo maana niko hapa. Asiyeamini aulize jambo la ndani ya kiwanda.

Mzee_wa_Shaka:
Vema. Uji unaobaki katika kinu na mabomba bechi inapokwisha, mnaupeleka wapi?

Kinu_Kimya:
Tunaurudisha katika bechi inayofuata. Viwanda vingi hufanya hivyo, na mabomba hatuyaoshi kwa maji kati ya bechi na bechi, kwa kuwa unyevu ndani yake ni balaa kuliko uji wenyewe.

Mzee_wa_Shaka:
Basi nimekuamini, na sasa hali yako ni mbaya kuliko ulivyosema. Bechi yako si moja.

Karani_wa_Madai:
Naam. Mpaka wa tatizo unaanzia usafi kamili wa mwisho kabla ya bechi hiyo hadi usafi kamili uliofuata, pamoja na kila bechi iliyopokea uji uliorudishwa. Zuieni zote zilizo ghalani leo, na muwaambie wasambazaji wasimamishe mauzo. Hatua ya kulinda walaji haingoji ruhusa ya mtu wa bima, na mamlaka ya chakula ina muda wake wa kuarifiwa. Kinachohitaji idhini ya mtu wa bima ni gharama kubwa: mshauri, uteketezaji, tangazo.

Taarifa yenyewe iwe fupi: namba ya hati, tarehe na saa mlipopokea majibu, namba za bechi, kiasi kilichotoka na kilichozuiwa, hatua mlizochukua, na sentensi kwamba uthibitisho unasubiriwa. Ambatanisheni majibu yote, yale safi yakiwemo. Msiandike chanzo msichokijua, wala msimlaumu muuza karanga. Iiteni taarifa ya hali inayoweza kuzaa dai; kwa hatua hii hamdai hata senti.

Kinu_Kimya:
Na ikithibitika kwamba hakuna salmonela?

Karani_wa_Madai:
Taarifa itafungwa bila malipo. Ada huenda ikapanda kidogo, siwezi kukuficha. Gharama za kuzuia mzigo huenda msilipwe, kwa sababu hati nyingi hutaka bidhaa iwe imeleta madhara au ingeyaleta ikiliwa.

Sheria_Kidogo:
Hapo sikubaliani. Nimeona hati zinazolipa hata pale mamlaka inapoamuru kuzuia kwa tuhuma tu.

Karani_wa_Madai:
Zipo, lakini kipengele hicho hununuliwa kwa nyongeza. Kinu_Kimya, angalia kurasa za mwisho za hati.

Kinu_Kimya:
Nimemsomea mkurugenzi hesabu ya sampuli tano. Ameifuta «hapana», lakini badala yake hajaandika kitu. Dalali amepata taarifa kwa barua pepe, naye ameomba kumbukumbu za uji uliorudishwa kwa mwezi mzima. Nyongeza hiyo bado naitafuta. Kurasa za mwisho za nakala niliyo nayo hazipo.

Karani_wa_Madai:
Mwombe dalali nakala kamili, na umwombe athibitishe kwa maandishi saa aliyoipeleka taarifa kwa kampuni ya bima. Kumfikia dalali si lazima kuhesabike kuwa kuifikia kampuni.