Mrejesho: chumba masta cha Mbagala

Niliuliza: "Chumba masta milioni 9, pango 80,000 kwa mwezi. Mkononi kinabaki nini?"

Wakuu, nimekaa na hesabu. Mwaka mzima ni 960,000, ila mpangaji akihama chumba hulala kama mwezi, basi 880,000. Kodi ya pango ni asilimia 10, na hukatwa kwenye pango lote kabla ya matengenezo: 88,000. Kodi ya jengo kupitia LUKU, 1,500 kila mwezi, 18,000. Kitasa, rangi na kunyonya shimo nimetenga 120,000. Ukuta una unyevu chini ya dirisha, sitathubutu kupunguza.

Inabaki 654,000, kama asilimia 7 ya bei. Nimemwambia muuzaji nafika milioni 7.5, zaidi ya hapo naacha.