Nafasi mbili za uandishi: tovuti inayolipa kwa habari au jarida linalolipa mara sita. Nichukue ipi?

Kalamu_Kavu (mtoa mada)
Wakuu, habari za saa hizi. Nimepata nafasi mbili za uandishi wa kujitegemea na zote zinataka jibu kabla ya Ijumaa. Ya kwanza ni tovuti ya habari, wanalipa kwa kila habari. Ya pili ni jarida la kila mwezi, na makala moja kwao inalipa mara sita ya habari moja ya tovuti. Mimi moyo uko kwenye jarida, ila kuna rafiki ananiambia nisikimbilie. Siwezi kuchukua zote mbili, jarida halitaki uandike kwingine. Mnaonaje?

Njiwa_Mwekundu
Mara sita halafu unauliza? Chukua jarida ulale.

BiDawati
Taratibu kwanza. Mtoa mada, bado hujatuambia kitu. Tovuti inataka habari ngapi kwa wiki, na unapewa muda gani? Wanalipa habari ikipokelewa au ikichapishwa? Jarida ni la nani, na nani anaisoma makala kabla haijaenda mtamboni? Nauli na simu ziko juu ya nani? Njoo na hayo ndiyo tuongee.

Mpiga_Kivuli
Mimi naomba kuuliza, hawa wanalipa picha? Maana kuna sehemu nilipeleka habari na picha zake, wakalipa habari, picha wakasema zimo humo humo. Baadaye nikaziona kwenye habari ya mtu mwingine.

Kalamu_Kavu
Samahani, niliandika haraka. Tovuti wanataka habari 5 kwa wiki. Dawati linatuma kazi saa tatu asubuhi, na habari iwe imefika saa nane mchana. Wanalipa iliyochapishwa tu, mwisho wa mwezi unaofuata. Nauli na simu ni zangu. Jarida wanataka makala 2 kwa mwezi, kila moja wiki mbili, nauli wanalipa wao. Linatolewa na shirika moja lenye miradi, na kwenye barua yao wameandika kwamba makala "itapitiwa na wadau kabla ya kuchapishwa". Nadhani ni utaratibu wa kawaida tu.

Ripota_Mstaafu
Hapo kwenye wadau ndipo penye shughuli yote, halafu wewe umepaweka mwishoni kabisa.

BiDawati
Asante, sasa tunaweza kuhesabu. Tuite malipo ya habari moja ya tovuti fungu 1, ili tusigombane kuhusu fedha.

Tovuti: habari 5 kwa wiki ni 20 kwa mwezi. Usidhani zote zitachapishwa. Nyingine zitapitwa na wakati, nyingine mhariri ataziunganisha na ya mwenzako, nyingine zitakataliwa bila maelezo. Tuseme zimetoka 14, umepata mafungu 14. Toa mawili ya nauli na simu, yamebaki 12. Kila habari imekula saa 5, pamoja na zile 6 zilizotupwa, kwa hiyo umefanya kazi saa 100. Saa moja ya kazi yako inalipa sehemu 12 kwa mia ya fungu.

Jarida: makala 2, mafungu 12. Kwa mwezi ni yaleyale! Makala moja ikichukua saa 30 za kutafuta na kuandika, ongeza saa 10 za marekebisho, jumla saa 80 kwa zote mbili. Saa moja inalipa sehemu 15. Jarida linaongoza, lakini kwa pua tu. Sasa wale "wadau" wakirudisha makala mara tatu, marekebisho yakafika saa 25 kwa kila moja, umefanya saa 110 na saa yako imeshuka chini ya 11. Tovuti imekupita.

Kwa hiyo ile mara sita haikwambii kitu. Kwenye tovuti uliza ni habari ngapi kati ya zinazopelekwa hutoka, na kwenye jarida uliza makala hurudishwa mara ngapi. Usimuulize mhariri, yeye atakujibu vizuri tu. Muulize mtu aliyewaandikia mwezi uliopita.

Njiwa_Mwekundu
Bi Dawati umeweka hesabu za mwalimu wa shule. Mwandishi mzoefu haandiki habari ya mchana kwa saa 5, anaandika kwa 2. Hapo tovuti inalipa kuliko benki.

BiDawati
Kuandika ni saa moja, nakubali. Kumtafuta msemaji asiyepokea simu ni saa tatu, na hizo uzoefu haupunguzi sana. Na habari iliyoandikwa kwa saa 2 mara nyingi ina chanzo kimoja. Ikileta kesi ya kashfa, kwenye mkataba wa kujitegemea mara nyingi utakuta kifungu kinachosema mwandishi ndiye atakayebeba gharama. Mtoa mada, kitafute hicho kifungu kwenye mikataba yote miwili.

SautiYaUpole
Naomba niseme ya kwangu kuhusu jarida la aina hiyo, maana mambo ya wadau nimeyaonja.

Niliandikia jarida lililolipiwa na kampuni fulani. Nikapewa kazi ya kuandika kuhusu kiwanda chao na "maisha bora ya wafanyakazi". Nikaenda, nikazungumza na watu. Kulikuwa na mama mmoja wa kitengo cha kupakia unga wa saruji. Alikuwa akikohoa kila baada ya sentensi mbili, akaniambia barakoa huja mara moja kwa mwezi na huisha wiki ya kwanza, kisha wanajifunga kitambaa. Niliyaweka maneno yake aya ya nne, nikaweka na jibu la meneja, ambaye hakukataa, alisema tu ununuzi unachelewa. Nilijitahidi iwe ya haki kwa pande zote.

Ikaenda kwa wadau. Ikarudi na alama nyekundu, yule mama hayupo. Nikamrudisha, nikaeleza kwa nini. Ikarudi tena hayupo, na safari hii pale aya ya nne pana nukuu ya meneja anasema "afya ya mfanyakazi ni kipaumbele chetu". Mimi sikuwahi kuambiwa maneno hayo na mtu yeyote. Nikamwandikia mhariri kwamba siwezi kuweka jina langu juu ya nukuu ambayo sikuisikia, aiondoe nukuu au aliondoe jina. Akanijibu siku hiyohiyo kwa heshima zote, kwamba kurasa zimeshakwenda mtamboni.

Likatoka na jina langu. Malipo nayo yakacheleweshwa kwa sababu "hukuthibitisha toleo la mwisho". Mama yule nilikuwa nimemwahidi nitampelekea nakala. Hadi leo sikupeleka.

Ripota_Mstaafu
Pole sana dada. Hiyo ya kutungiwa nukuu imevuka mipaka yote, hata ya matangazo.

Mzee_wa_Safu
Vijana hamjui haki zenu. Kuna kitu kinaitwa kifungu cha dhamiri. Mwenye chombo akikulazimisha kuandika kinyume na dhamiri yako, unaondoka na fidia juu. Ni sheria ya kimataifa ya waandishi.

BiDawati
Mzee wangu, shikamoo. Kifungu kipo, lakini si cha kimataifa. Ni sheria ya Ufaransa ya 1935. Inamlinda mwandishi anayetambuliwa na sheria yao ya kazi, pale chombo kinapouzwa, kinapofungwa, au kinapobadili mwelekeo kiasi cha kugusa heshima yake. Aya moja kukatwa hakutoshi. Kilicho cha kimataifa ni Hati ya Maadili ya Shirikisho la Kimataifa la Waandishi wa Habari, iliyopitishwa Tunis mwaka 2019, nayo ni maadili. Ukiipeleka kwa mhasibu hakulipi.

Kinachoweza kumsaidia mtoa mada ni sentensi mbili ndani ya mkataba wake mwenyewe. Moja, kwamba ana haki ya kuondoa jina lake baada ya kuona toleo la mwisho, na atapewa siku mbili kabla ya mtambo kuliona. Ya pili, kwamba makala waliyoagiza wao wenyewe wakiamua kutoitoa, analipwa sehemu iliyotajwa, nusu kwa mfano. Hiyo ya pili aiombe kwa tovuti pia.

Mzee_wa_Safu
Marahaba. Bado nasema ipo kwingine pia.

Ripota_Mstaafu
Mimi naongeza neno moja gumu. Ukishamwonyesha mtu uliyemhoji habari kabla haijatoka, umeuza kalamu. Iwe wadau, iwe waziri, iwe daktari. Sisi tulifundishwa hivyo na tulikufa nayo.

Chumvi_Kidogo
Hapana mkuu. Mimi naandika habari za afya. Daktari akinieleza kipimo cha dawa, namsomea sentensi yake kwenye simu anihakikishie namba. Nikikosea nukta moja mtu anakunywa mara kumi. Huko nako ni kuuza kalamu?

Ripota_Mstaafu
Ukimsomea sentensi yake sina neno. Ukimtumia makala nzima kwenye simu, kesho ana maoni kuhusu kichwa cha habari, kesho kutwa mkewe ana maoni.

Chumvi_Kidogo
Hapo tuko pamoja. Lakini basi umebadilisha ulichosema mwanzo.

Ripota_Mstaafu
Sijabadilisha, nimefafanua.

Njiwa_Mwekundu
😂😂 Wastaafu bwana.

Kalamu_Kavu
Nimerudi. Nimemwandikia mhariri wa jarida kumuuliza wadau ni akina nani na wana mamlaka gani. Amejibu kwamba ni mtu wa mawasiliano na mtu wa miradi, na kwamba "wanaangalia usahihi wa taarifa tu". Nikamuuliza, wakitofautiana nami nani ana neno la mwisho? Hapo amesema tutaongea nikishaanza. Kuhusu kuondoa jina amesema halijawahi kutokea.

Tovuti nao nimewauliza kuhusu matangazo, kama idara ya biashara huziona habari kabla. Wamesema hapana. Ila rafiki yangu anayewaandikia anasema kuna kampuni mbili ambazo kila mtu anajua habari zake hazipiti, hakuna aliyeambiwa kwa mdomo.

BiDawati
"Tutaongea ukishaanza" maana yake neno la mwisho si lako wala si lake. Linaweza kuwa sawa kama unaichukua kama kazi ya mawasiliano, ni kazi halali na watu wanaifanya. Ila usiweke kwenye wasifu wako kama uandishi wa habari, na usimhoji mtu ukamwambia unatoka gazetini. Ya tovuti ni mbaya kwa namna nyingine, sijui kama ni nafuu. Angalau zile kampuni mbili unazijua kwa majina.

Njiwa_Mwekundu
Kwa hiyo tunachukua ipi?

SautiYaUpole
Mimi ningeomba tovuti wapunguze ziwe 3 kwa wiki, nitafute na kazi nyingine. Tovuti haijakukataza kuandika kwingine, jarida ndilo limekukataza. Hilo hakuna aliyeligusa hapa.

Kalamu_Kavu
Kweli kabisa, hilo sikulifikiria. Ngoja niwaulize kama 3 zinawezekana.

Mpiga_Kivuli
Na picha je? Hakuna aliyenijibu. Mkataba ukiwa kimya kuhusu picha, ni za nani?

Chumvi_Kidogo
Fungua mada yake mkuu, hiyo ni ndefu. Una mkataba wenyewe hapo au walikwambia kwa simu?

Mpiga_Kivuli
Kwa simu.