Kopo moja linaandika chumvi, jingine sodiamu: nimemlisha mama lililo baya wiki 3 nzima

Binti wa Kwanza:
Wadau, nina hasira na sitaificha. Mama yangu ana presha. Muuguzi alituandikia kwenye karatasi: sodiamu isizidi miligramu 2,000 kwa siku. Nikaenda dukani na karatasi yangu, nikashika makopo mawili ya supu. La kwanza limeandikwa chumvi 1.5 g kwa kila gramu 100. La pili limeandikwa sodiamu 900 mg, nalo kwa kila gramu 100. Nikageuza gramu kuwa miligramu kama tulivyofundishwa shuleni, 1.5 ikawa 1,500. Nikaona 900 ni ndogo kuliko 1,500, nikabeba la pili. Wiki 3 mama anakula hiyo supu kila siku.

Jana ndipo nimeelezwa kwamba chumvi si sodiamu tupu. Katika gramu 1 ya chumvi, sodiamu ni kama miligramu 400. Iliyobaki ni kloridi. Kwa hiyo kopo nililoliacha lilikuwa na 600, na nililobeba lina 900. Mama naye haishii gramu 100. Anakula nusu kopo, gramu 200, yaani miligramu 1,800. Hapo hajagusa mkate, hajala chakula cha usiku!

Nani aliona ni sawa bidhaa mbili za rafu moja zipimwe kwa vitu viwili tofauti? Karatasi ya hospitali inasema sodiamu, kopo linasema chumvi, na anayeumia ni mgonjwa.

Fundi Jiko:
Pole sana dada. Dawa yake ni namba 2.5, unagawanya tu. Kikomo cha mama ni miligramu 2,000, sawa na gramu 2. Gawanya kwa 2.5, unapata chumvi gramu 0.8 kwa siku. Usivuke hapo.

Mzee wa Mizani:
Fundi, namba ni hiyo hiyo lakini umeigeuza. Kutoka chumvi kwenda sodiamu unagawanya. Kutoka sodiamu kwenda chumvi unazidisha. Gramu 2 mara 2.5 ni gramu 5 za chumvi, ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima, karibu kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Akifuata 0.8 yako, hata mkate atamnyima.

Namna ya kujikagua ni hii: chumvi ni sodiamu pamoja na kitu kingine, kwa hiyo namba ya chumvi lazima iwe kubwa kuliko ya sodiamu, zote zikiwa kwa kipimo kimoja. Ukipata chumvi ndogo kuliko sodiamu, umekwenda upande usio. Dada, kwa makopo yako:

```
1.5 g chumvi x 1000 / 2.5 = 600 mg sodiamu
900 mg sodiamu x 2.5 / 1000 = 2.25 g chumvi
```

Hesabu yako ya jana iko sawa. Ulipogeuza gramu kuwa miligramu ulifanya hatua moja, ukaruka ya pili.

Fundi Jiko:
Kweli, nimeigeuza. Samahani dada, usiifuate ile 0.8.

Mama Pacha:
Mimi natumia ile chumvi ya potasiamu, niliambiwa haina sodiamu. Naihesabu vipi kwenye 2.5?

Mzee wa Mizani:
Soma pakiti kwanza, mama, maana nyingi zimechanganywa na chumvi ya kawaida. Kama lebo inataja sodiamu, chukua namba hiyo ilivyo. Lakini kama figo zina shida, au unatumia dawa za presha, muulize daktari kabla ya kuendelea, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huzuia potasiamu kutoka mwilini.

Mama Pacha:
Figo sijawahi kupima. Dawa ninazo mbili.

Binti wa Kwanza:
Mzee, asante. Sasa kuna jambo jingine linanichemsha. Kopo hili la 900 lina asilimia 39 pembeni. 900 kwenye 2,000 si asilimia 45?

Mzee wa Mizani:
Ni 45 kwa mama yako. Wao wamegawanya kwa 2,300, kikomo kinachotumika kwenye lebo za Marekani. Achana na asilimia, chukua miligramu zenyewe. Hata hivyo, usibadili ratiba ya mama kwa maneno yetu tu. Mpelekee muuguzi hizo namba za wiki 3.

Fundi Jiko:
Kwa nini asiache makopo kabisa, apike mwenyewe na apime kijiko?

Binti wa Kwanza:
Kwa sababu natoka kazini usiku, ndugu yangu, na mama hawezi kusimama jikoni. Kesho asubuhi nampeleka akapimwe presha. Hilo kopo naenda nalo.