Tupeane uzoefu: ndugu yako kaombwa asaini udhamini wa mkopo, ulimwelezaje?

Mama Nassoro: Mjomba kaletewa karatasi za benki amdhamini binamu yangu, mkopo wa milioni 8 wa duka la vipuri. Zote ni Kiingereza cha kisheria, nikamfupishia kwa ukurasa mmoja. Nilianza hivi: "Mjomba, hapa hudhamini milioni 8. Unadhamini deni lolote atakalodaiwa na benki hii, la leo na la baadaye." Ndivyo kilivyo kipengele cha pili, na nafasi ya kiwango cha juu imeachwa wazi. Mwakani akipewa ovadrafti ya milioni 5, nayo ni juu ya mjomba, hata asipoambiwa. Nyie mliwaelezaje wazee wenu?

Kijana wa Tandika: Mnaogopa bure. Benki lazima imfilisi kwanza mkopaji, ndipo imguse mdhamini.

Mzee Kitabu: Si kweli, kijana. Nilikaa idara ya mikopo miaka mingi. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, mdhamini anabeba deni sawasawa na mkopaji, isipokuwa mkataba useme vingine. Mkopaji akishindwa kulipa, benki inaweza kuanza na mjomba, kama yeye ndiye mwenye pensheni. Tena angalia kama kuna kipengele kinachoruhusu benki kubadili masharti au kumwongezea muda mkopaji bila kumuuliza mdhamini. Kisheria mabadiliko ya namna hiyo yangeweza kumtoa mdhamini. Akisaini kipengele hicho, kinga hiyo kaiachia mwenyewe.

Dada Rehema: Mimi nilimdhamini shemeji polisi, wakataka barua ya serikali ya mtaa tu.

Mama Nassoro: Hiyo ni dhamana ya mtuhumiwa, dada. Huku ni deni.

Mwalimu S.: Kwenye SACCOS yetu tulidhamini watatu. Nikadhani kila mmoja ana theluthi yake. Kumbe fomu ilisema "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Mkopaji akaacha kazi, mimi pekee nilikuwa bado kwenye orodha ya mishahara, nikakatwa deni zima. Wenzangu nina haki ya kuwadai sehemu zao, ila mmoja sijui hata anaishi wapi.

Kijana wa Tandika: Sawa mzee, lakini si anaweza kujitoa kwa barua?

Mzee Kitabu: Udhamini endelevu kama huo anaweza kuusitisha kwa taarifa, ila kwa mikopo ijayo tu. Iliyokwisha tolewa inabaki shingoni mwake.

Mama Nassoro: Tumerudi benki. Wamekubali kuandika milioni 8 kwenye ile nafasi na kufuta maneno "ya baadaye". Lakini riba, adhabu na gharama za wakili na dalali wanataka zibaki nje ya kiwango hicho, kwa hiyo bado inaweza kufika milioni 10 na zaidi. Mjomba hajasaini. Kuna aliyefanikiwa kuingiza hata hizo ndani ya ukomo?