Tupeane uzoefu: saplaya mpya, invoisi ya kwanza, na akaunti yenye jina la mtu

Mhasibu_Ilemela

Wakuu habari za jioni. Naomba kila aliyewahi kuungua na saplaya mpya aje hapa aseme ilikuwaje, naanza mimi maana kidonda changu bado kibichi.

Nipo kwenye kampuni ya kusambaza samaki, tuna kold rum huku Ilemela. Mwezi wa pili tuliishiwa yale maboksi meupe ya kupakia sangara na saplaya wetu wa zamani akawa hana mzigo, sasa meneja wa mapokezi akaja na kijana mmoja msafi, ana kadi ya biashara, ana katalogi, anasema ni mtu wa mauzo wa kampuni fulani ya mkoa mwingine. Maboksi 2,500 kwa shilingi 5,000, jumla 12,500,000, weka VAT ya asilimia 18 ambayo ni 2,250,000, inakuwa 14,750,000. Mzigo ukaja, tukahesabu, boksi zima kabisa, stoo wakasaini dilivari noti. Mimi hapo roho imetulia, si mzigo nimeupata?

Invoisi ikaja kwa wasap, PDF, ina nembo ya kampuni, inaishia na neno Limited, chini namba ya akaunti. Jina la akaunti ni la mtu. Nikamuuliza kijana, akanijibu "huyo ni direkta wetu dada, akaunti ya kampuni inafanyiwa marekebisho". Na mimi kwa kuwa ilikuwa ijumaa na bosi anapiga simu kila nusu saa kwamba saplaya analalamika, nikalipa.

Wiki tatu baadae napigiwa simu na mama mmoja, mkali lakini mstaarabu, anasema yeye ndo mhasibu wa ile kampuni na anaulizia 14,750,000 yao. Invoisi yao wao ina akaunti ya kampuni, imetumwa kwa imeili ya ofisi yetu ambayo huwa hakuna anayeifungua. Kijana kweli alikuwa mtu wao wa mauzo, na ile akaunti ilikuwa ya shemeji yake. Simu yake haipatikani mpaka leo. Kwa hiyo mzigo ni halali, kampuni ni halali, deni ni halali, pesa ndo imeenda kwingine. Ipo kwa wanasheria.

Nyie mnakagua nini kabla ya kulipa ile ya kwanza?

Kijana_wa_Buzuruga

Pole sana dada. Ila mimi naona mnajitesa, njia rahisi ni moja tu, dai risiti ya EFD kwanza, ukiipata ingia verify.tra.go.tz weka ile namba ya uhakiki na muda ulioandikwa kwenye risiti, ikisoma lipa, isiposoma usilipe. Mimi miaka minne sijawahi kupigwa.

Mama_Vipuri

@Kijana_wa_Buzuruga hujapigwa bado, au umepigwa na hujajua 😅

Mimi nilipewa risiti na inasoma vizuri tu TRA. Nilikuwa nimenunua mabati na nondo za banda la Buhongwa, saplaya ananipa invoisi yenye jina lake na TIN yake, risiti ikaja, nikaihakiki, skrini ikaniletea kila kitu, nikafurahi nikabandika kwenye faili. Mwisho wa mwezi namwandalia bosi ritani ya VAT ndo naangalia kwa utulivu: TIN ya kwenye risiti sio TIN ya kwenye invoisi! Jina la juu ya risiti ni la duka la vifaa vya umeme. Yaani jamaa hana mashine, alienda kuazima risiti kwa rafiki yake. Risiti ni ya kweli, ila ni ya mtu ambaye sijawahi kununua kwake hata balbu.

Bosi hakutaka niiingize kwenye ritani, alisema akija mkaguzi akiuliza hizi nondo zimeuzwaje na duka la umeme tutajibu nini. Asilimia 18 yote ikabaki kuwa gharama yetu. Kwa hiyo kuhakiki ni sawa, lakini ukishahakiki soma na jina, soma na TIN, soma na bidhaa.

Kijana_wa_Buzuruga

Duh. Hapo kwenye kulinganisha TIN nakiri huwa naangalia tu kama imesoma.

Odita_Mstaafu

Wanangu, nimekagua vitabu vya watu hapa Mwanza miaka mingi, niseme kidogo. Nyote wawili mmeumia sehemu moja, mmekuwa na karatasi nzuri kila moja peke yake, ila hamjaziweka mezani pamoja. Saplaya mpya mimi nilikuwa namwambia karani achukue cheti cha usajili cha BRELA, cheti cha TIN (na cha VAT kama invoisi ina VAT), leseni ya biashara ya mwaka huu, na kitu cha kuonyesha akaunti ni ya nani, iwe barua ya benki au stetimenti yenye kichwa cha benki. Kisha azilaze pamoja na invoisi asome jina herufi kwa herufi. Anatafuta kama ni mtu yuleyule kwenye zote. Uzuri wa karatasi hauna maana.

Sasa hapa kuna kitu wengi wanachanganya. Ikiandikwa Limited au Ltd, hiyo kampuni ni mtu wake peke yake kisheria, na pesa yake ni yake. Direkta hata awe na hisa 99 kati ya 100, akaunti yake binafsi sio akaunti ya kampuni. Kwa hiyo Mhasibu, hata kama lile jina lingekuwa la direkta wa kweli, bado ilitakiwa usimame. Usichukue neno la mtu wa mauzo, ingia ORS ya BRELA uombe taarifa rasmi za kampuni, kuna ada lakini ukilinganisha na milioni kumi na nne ni hela ya nauli. Itakuonyesha madirekta ni nani na wenye hisa ni nani. Ungeona yule shemeji hayumo kabisa.

Lakini ikiwa ni jina la biashara tu, mfano mtu amesajili "Fulani Enterprises" bila Limited, huyo na biashara yake ni mtu mmoja. Hapo akaunti yenye jina lake sio kosa, mradi taarifa ya BRELA iseme mmiliki ni yeye na sio mjomba wake.

Enterprises_Kirumba

Asante mzee kwa hilo la mwisho, maana mimi nimekuja hapa na hasira. Mimi ndo saplaya, nauza barafu na kamba pale karibu na Mwaloni, na hizi ofisi zenu zinatutesa!! Siku 60 hujalipwa, kila ukienda unaambiwa leta karatasi hii leta ile, mara akaunti iwe na jina la biashara. Mimi benki nimefungua kwa jina langu tangu naanza, wateja wote wananilipa hapo, kwani barafu yangu inayeyuka kwa sababu ya jina?

Mhasibu_Ilemela

Kaka mada sio kucheleweshwa malipo, ni kukagua kabla ya malipo ya kwanza. Ila pole.

Enterprises_Kirumba

Ni kitu kilekile dada, mnachokiita kukagua sisi huku tunakiita kuzungushwa. Mngetuambia siku ya kutoa oda kwamba mnataka abcd tungeleta siku hiyo. Mnasubiri mzigo umeshafika na barafu imeshatumika ndo mnaanza kuulizia leseni.

Odita_Mstaafu

Hapo una haki kabisa. Karatasi zikaguliwe kabla LPO haijatoka. Mzigo ukishaingia stoo mhasibu anakuwa kabanwa, saplaya anapiga kelele, bosi anapiga kelele, na tapeli anapenda sana hizo kelele.

Fundi_Kompresa

Yangu ni tofauti, hapa hakukuwa na mtu wa mauzo. Tuliagiza vipuri vya kompresa Dar, mara ya kwanza kufanya nao kazi. Proforma ikaja na akaunti benki A. Siku kumi baadae invoisi ikaja kwa imeili, nembo ileile, kiasi kilekile mpaka senti, akaunti benki B. Binti wetu wa malipo alikuwa makini, akaona tofauti, akapiga simu kuuliza. Akajibiwa vizuri sana, "ndiyo tumebadilisha benki, samahani kwa usumbufu". Akalipa.

Shida ni moja, namba aliyopiga aliitoa kwenye hiyohiyo invoisi. Yaani alimpigia mwizi kumuuliza kama yeye ni mwizi. Tulipokuja kuangalia, imeili ya pili ilikuwa na herufi moja imeongezwa kwenye jina la kampuni, n mbili badala ya moja, kwenye simu ya kioo kidogo huioni hata kidogo.

Sasa hivi tuna daftari, namba ya simu ya saplaya inaandikwa siku ya kwanza anapokaguliwa, imetoka kwenye karatasi zake za usajili au tumefika ofisini kwake, na ikibadilika akaunti tunapiga hiyo ya kwenye daftari tu.

Mama_Vipuri

Nasikia ukilipa benki wenyewe wanakagua jina na namba kama vinaendana?

Fundi_Kompresa

Sisi tulijaza fomu tukaandika jina la kampuni, namba ya akaunti ya mwizi, pesa ikapita. Kwenye simu sawa, jina linakuja kabla hujathibitisha.

Kijana_wa_Buzuruga

Benki yangu mimi waliwahi kunirudishia fomu kwa jina kukosewa herufi mbili tu. Nafikiri inategemea benki, au inategemea siku.

Odita_Mstaafu

Inategemea nani yuko kwenye ile meza. Mimi nisingeweka kichwa changu hapo.

Stoo_Igoma

Nyongeza fupi. Linganisheni na namba za simu za wafanyakazi wenu. Kwetu saplaya mpya wa magunia namba yake ilikuwa ni ileile ambayo dereva wetu ameiandika kwenye fomu kama mtu wa karibu wa dharura. Ni mke wake. Magunia yalikuwa mazuri ila bei ilikuwa juu kwa 400 kila gunia. Mpaka leo tunabishana ofisini kama lile lilikuwa kosa au la, maana hakuficha, ni sisi hatukuuliza.

Mhasibu_Ilemela

Mzee Odita, swali la mwisho. Wanasheria wetu wanasema tunaweza kujitetea kwamba kijana alikuwa ni mtu wao kweli, kwa hiyo kumlipa yeye ni kama kuwalipa wao. Unaonaje?

Odita_Mstaafu

Mimi sio wakili mwanangu. Ila swali watakalokuuliza ni kampuni yenyewe ilifanya nini mpaka ukaamini kijana anaruhusiwa kupokea hela. Ile invoisi ya akaunti ya shemeji ilitoka kwenye imeili ya kampuni au wasap ya kijana?

Mhasibu_Ilemela

Wasap yake.

Odita_Mstaafu

Na ile ya kweli imekaa kwenye imeili yenu haijafunguliwa.

Mhasibu_Ilemela

Ndiyo. Tarehe yake ni siku mbili kabla sijalipa.

Enterprises_Kirumba

Aisee. Dada kesho nakuletea cheti cha BRELA na barua ya benki hata kama hujaniomba, nione kama na mimi nitapata oda ya barafu 😂